Fomeni katukataza kuita "Macho!" mbele ya mteja, leo dogo hafumbui macho

Wakuu, nina hasira. Mimi fundi wa kuchomelea mageti hapa Ngamiani, Tanga. Jumatatu fomeni aliwakusanya vijana wanaojifunza kazi, akawafunda adabu ya mdomo. Mengi alisema kweli. Kijana akikosea kipimo asiitwe kenge. "Lipua tu" na "piga puti ufunike" zisisikike kwa mteja, nami naongeza, na kulipua kwenyewe tuache. Kisha akaharibu: "Na hayo makelele ya macho, macho, mteja akiwepo sitaki. Semeni taratibu."

Jana alasiri akaja mama kuangalia geti lake. Dogo kashika skwea paipu, anakodolea kona kama imekaa sawa. Siku zote naita "Macho!" ili afumbe, nasubiri aitikie "Tayari!", ndipo nagusisha fimbo ya kuchomelea, mwale unawaka. Jana nikasema kwa sauti ya chini, grenda ya jirani ikaimeza, nami nikagusisha bila kusubiri jibu. Hilo kosa langu, nimemwomba radhi.

Pale pale hakulalamika. Saa nne usiku ndipo akaanza kulia, macho yote mawili kama yamemwagiwa mchanga, taa haitazamiki. Leo fomeni anasema ni vumbi la grenda! Vumbi lingemuuma palepale, na mara nyingi jicho moja.

Mtoto wa Kisosora: Pole yake. Mwekee vipande vya kiazi kibichi, kesho kutwa kapona.

Bi Mkubwa: Mafundi mnajitetea tu. Mimi niliuliza bei gerejini nikajibiwa matusi mbele ya wanangu. Fomeni wenu apewe soda.

Mzee wa Karakana: Bi Mkubwa, matusi hayatetewi hapa, linalozungumzwa ni onyo. Tena penye matusi kutwa nzima onyo halisikiki, vijana wameshazoea kupuuza kelele.

Kiazi kinasifiwa bure, maumivu hayo kwa kawaida huisha yenyewe siku moja au mbili. Kitambaa cha maji baridi juu ya kope kinatosha. Asisugue, na msimtie kitu ndani ya jicho, hata maziwa. Akiona ukungu, au siku ya pili ikipita bado anaumwa, hospitali.

Ila nawe mleta uzi, anayeshika chuma kwa nini hana kioo chake? Akifumba macho, ngozi ya uso bado inaungua. Na yule mama ulimkinga na nini?

Mleta uzi: Mzee wangu, umenishika pabaya. Kioo kipo kimoja, tuko wanne. Mama alikuwa anaongea na simu, katupa mgongo, bahati tu. Turubai la kukinga tunalo, limefunika mbao za fomeni. Nimelitoa leo. Kioo cha pili kakataa kununua, anasema dogo ajifunze kufumba. Afumbe kwa kusikia nini, kama kuita amekataza?

Kesho naita "Macho!" kwa sauti yangu yote, hata mteja awe nani.