Mshale wa gharama zikipanda: uwe wa kijani au mwekundu?

KaratasiMoja (mwanzisha uzi)
Wakuu habari zenu. Natengeneza ripoti ya mwezi ya duka la jumla la vifaa vya ujenzi, kwenye Excel, ukurasa mmoja tu. Kila kipimo kina mwezi uliopita, mwezi huu na badiliko la asilimia lenye mshale. Namba zenyewe ni hizi:

Mauzo: milioni 40 → milioni 46 (+15%)
Gharama ya bidhaa zilizouzwa: milioni 30 → milioni 33.6 (+12%)
Usafiri: milioni 2 → milioni 1.7 (−15%)

Nimetumia mishale mitatu ya Icon Sets. Mwanzo gharama zikipanda zilipata mshale wa kijani, kama mauzo. Nikaweka alama kwenye Reverse Icon Order upande wa gharama, nyekundu ikaja, ila sasa bosi anauliza kwa nini gharama "zimeshuka" halafu ni nyekundu. Niziwekeje?

Fundi_wa_Safu
Bosi wako amesoma sawasawa, karatasi ndiyo inayosema uongo. Reverse Icon Order haigeuzi rangi peke yake, inageuza alama nzima. Kwenye seti ile mshale wa juu umeshonwa na kijani na wa chini na nyekundu, huwezi kuvitenganisha. Ukigeuza, namba kubwa inapewa mshale mwekundu unaotazama chini. Kwa hiyo +12% imeandikwa pembeni ya mshale wa kushuka.

Mshale ubaki na kazi moja: namba imepanda au imeshuka, basi. Rangi iwe na kazi nyingine: je, hilo ni jema kwa duka? Usafiri wako basi utakuwa mshale chini, kijani. Gharama ya bidhaa mshale juu, nyekundu. Mauzo mshale juu, kijani.

Kuna mtego mwingine humo humo. Icon Sets kwa kawaida hukata kwa Percent, 67 na 33, na hiyo hupimwa kati ya thamani ndogo na kubwa ya seli ulizochagua. Haijali sifuri. Gharama iliyopanda 1% ikikaa karibu na zilizopanda 20% itapewa mshale wa chini ingawa imepanda. Achana na Icon Sets kabisa kwa kazi hii.

MwanaHesabu_Tanga
Njia rahisi kuliko zote: ingiza gharama kama hasi, −30,000,000 na −33,600,000. Ndivyo zinavyoingia kwenye hesabu za faida. Gharama zikiongezeka, namba inazidi kwenda hasi, mshale unashuka na rangi inakuwa nyekundu yenyewe. Kanuni moja kwa safu zote.

Fundi_wa_Safu
Kuhifadhi gharama kama hasi hakuna ubaya, jumla ya faida inatoka kwa SUM moja. Tatizo ni kwenye badiliko. Ukigawa kwa −30,000,000 yenyewe unapata +12%, mshale juu na kijani, umerudi ulipoanza. Ukigawa kwa ABS unapata −12% na mshale chini, na msomaji anaelewa gharama zimepungua. Ni kosa lile lile analolilalamikia bosi, limeingilia mlango mwingine. Kwenye ukurasa anaousoma mtu, onyesha gharama kama namba chanya.

Kariakoo_Guangzhou
Mbona kwenye app za soko la hisa la China nyekundu ndiyo kupanda na kijani ndiyo kushuka? Labda bosi amezoea hizo. Mimi bei za hisa naangalia huko na sijawahi kuchanganyikiwa.

Fundi_wa_Safu
Ni kweli, China bara hisa zinapakwa hivyo. Lakini hapo rangi inarudia tu kile mshale ulichokwisha kusema, haisemi kama ni jema au baya. Mwenzetu ana vipimo vinavyovutana kwenye ukurasa mmoja, ndiyo maana rangi lazima ihukumu.

KaratasiMoja, fanya hivi. A jina la kipimo, B mwezi uliopita, C mwezi huu, D badiliko, E mwelekeo. Kwenye E andika 1 kama kupanda ni kuzuri, −1 kama ni kubaya, 0 kama hakuna hukumu. D2 iwe:

```
=IF(B2=0,"mpya",ROUND((C2-B2)/ABS(B2),3))
```

ROUND ipo kwa sababu badiliko la 0.04% lingeonekana "▲ 0.0%", mshale bila badiliko. Kisha muundo wa namba wa safu D, usiweke rangi humo:

```
▲ 0.0%;▼ 0.0%;0.0%
```

Chagua kuanzia D2 hadi mwisho wa safu, nenda Conditional Formatting, New Rule, chagua ile ya fomula, uweke kanuni mbili. Ya kwanza kwa rangi njema, ya pili kwa mbaya:

```
=$D2*$E2>0
=$D2*$E2<0
```

Usafiri: −0.15 mara −1 ni chanya, kwa hiyo inapata rangi njema huku mshale ukitazama chini. Kipimo chenye 0 kinabaki cheusi.

Bi_Takwimu
Kanuni ni nzuri, ila mimi nisingeipaka nyekundu ile gharama ya bidhaa. Mauzo yamepanda 15%, gharama yake 12%. Umeuza zaidi, lazima umenunua zaidi. Milioni 30 kwa 40 ni 75%, milioni 33.6 kwa 46 ni 73%. Kila shilingi ya mauzo sasa inabeba gharama ndogo kuliko mwezi uliopita, halafu wewe unampigia bosi kengele!

Gharama inayofuata mauzo ipe 0 kwenye E, na chini yake weka mstari wa uwiano wake kwa mauzo wenye −1. Pango na mishahara ya ofisi zibaki −1 moja kwa moja. Na kwa mstari wa uwiano usitumie fomula ya D hapo juu, itakupa −2.6% na mtu atasoma 75 ukitoa 2.6. Chukua C utoe B, uzidishe kwa 100, ondoa alama ya % kwenye muundo wa namba wa seli hiyo, uandike "pointi": ▼ 2.0.

Jingine, kijani na nyekundu ndizo rangi zinazowapotea wengi wenye upofu wa rangi. Kwa wanaume wenye asili ya Ulaya kaskazini ni kama 1 kati ya 12, kwa Waafrika ni wachache zaidi lakini wapo. Bluu iliyoiva na rangi ya chungwa zinatofautika vizuri zaidi.

KaratasiMoja
Nimejaribu, usafiri umetoka ▼ 15.0% kijani, safi. Ila ripoti huchapwa, na printa ya ofisini ni nyeusi tupu. Na thamani ya mzigo uliopo stoo niupe 1 au −1?

Fundi_wa_Safu
Stoo ipe 0. Ikipanda kabla ya msimu wa ujenzi ni maandalizi, ikipanda mauzo yakiwa yamelala ni pesa iliyolala. Kwa printa ongeza safu F:

```
=IFERROR(IF(D2*E2>0,"nafuu",IF(D2*E2<0,"angalia","")),"")
```

Bi_Takwimu
Ningeweka pia kizingiti: badiliko lisilofika 2% lisipakwe rangi yoyote. Ukurasa wenye rangi kila seli hauonyeshi kitu.

MwanaHesabu_Tanga
2% ya mauzo ya milioni 46 ni zaidi ya laki tisa, Bi. Hiyo siyo ya kufichwa.

Bi_Takwimu
Haifichwi, mshale na namba vipo palepale. Rangi tu ndiyo haipo. Kama wataka, kizingiti kiwe cha shilingi badala ya asilimia, ila kila kipimo kitahitaji chake.