Naomba msaada: kwa nini cos 90° ni 0 lakini tan 90° haina jibu?

Binti wa Sakina
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Nipo kidato cha tatu hapa Arusha. Jana jioni nilikuwa nafanya maswali ya trigonometria na rafiki yangu, tukakwama sehemu moja hadi giza likaingia. Nayaweka maongezi yetu kama yalivyokuwa, ili mjue kila mtu ameshikilia wapi.

Yeye: Cos 90 umepata ngapi?
Mimi: Sifuri. Tan 90 nimeandika haina jibu.
Yeye: Pembe si ni ileile? Kwa nini cos ipewe jibu, tan inyimwe?
Mimi: Tan ni sin ukigawanya kwa cos. Sin 90 ni 1, cos 90 ni 0. Moja huwezi kuigawanya kwa sifuri.
Yeye: Huwezi kwa sababu gani? Hilo tumeambiwa tu. Mimi naona inakuwa kubwa kuliko namba zote, kwa hiyo naandika ∞.

Hapo nikaishiwa maneno. Nimweleweshe vipi bila kumwambia "ndivyo tulivyofundishwa"? Na kwenye mtihani tuandike nini?

Fundi Paa
Mdogo wangu, mbona jibu lipo? Nimeingiza tan 90 kwenye simu sasa hivi, imetoa −1.9952. Mimi naezeka nyumba huku Usa River na tan ndiyo natafutia kimo cha kenchi. Labda kikokotoo chenu kibovu.

Mama Hesabu
Kaka Fundi, hiyo simu inasoma 90 kama radiani, si digrii. Angalia kwenye kioo, utaona imeandikwa Rad. Ipime kwa tan 45: kwa digrii lazima upate 1, ukiona 1.6198 ujue haiko kwenye digrii. Libadilishe hilo kabla hujakata mbao, maana paa la digrii 30 itakupa −6.4 badala ya 0.577.

Binti, nakuja kwenye swali lako, subiri nichore kidogo.

Kijana wa Tengeru
Wakati tunasubiri: rafiki yako yuko sahihi. Tan 89° ni 57.29. Tan 89.9° ni 572.96. Tan 89.99° ni 5729.58. Inapanda bila kikomo, kwa hiyo ukifika 90 ni ∞. Jedwali langu la tarakimu nne nililosomea lina alama hiyohiyo kwenye 90.

Mama Hesabu
Nimerudi. Kijana wa Tengeru, namba zako ni sahihi, ila umetazama upande mmoja tu wa 90. Ngoja nilieleze kwa kitu ambacho sisi wa Arusha tunaweza kukiona kwa macho.

Karibu na tarehe 12 Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua linapita utosini kwetu. Mwezi Machi inakuwa kama saa sita na dakika arobaini mchana. Simamisha mti wa mita 2 uwanjani siku hiyo. Asubuhi jua liko mashariki, kivuli kinalala magharibi. Una pembetatu: mti, kivuli, na mstari unaotoka ncha ya mti hadi ncha ya kivuli. Pembe ya jua iko pale kwenye ncha ya kivuli. Kwa SOTOCA mliyokariri, cos ni kivuli ukigawanya kwa ule mstari wa mshazari, na tan ni mti ukigawanya kwa kivuli.

Saa nne na dakika arobaini jua liko digrii 60. Kivuli ni mita 1.15, mshazari 2.31. Cos inatoka 0.5, tan 1.73. Jua linatembea digrii moja kila dakika nne, kwa hiyo dakika nne kabla ya kufika utosini liko digrii 89. Kivuli kimebaki sentimita 3.5, mshazari umekaribia kabisa mita 2. Cos ni 0.0175, tan ni 57.29.

Sasa jua limefika utosini. Kivuli ni sifuri, na mshazari umelala juu ya mti wenyewe, mita 2. Cos inakuwa 0 kwa 2. Hiyo ni sifuri halali: kivuli umekipima, hakuna urefu. Tan inakuwa 2 kwa 0. Sifuri ileile, lakini sasa imekaa chini, na swali limegeuka: kivuli hicho kizidishwe mara ngapi kifikie urefu wa mti? Zidisha mara elfu, mara milioni, bado sifuri. Hakuna namba inayolijibu swali hilo.

Subiri dakika nne nyingine. Jua limevuka kwenda magharibi, kivuli cha sentimita 3.5 sasa kinalala mashariki. Kama ulihesabu magharibi kuwa chanya, hiki ni hasi. Pembe ukiipima kutoka upeo wa mashariki ni digrii 91. Cos ni −0.0175, tan ni −57.29. Hapa ndipo ∞ inapoanguka. Cos imetoka 0.0175 ikapita 0 ikaingia −0.0175, njia imenyooka. Tan ilikuwa inapaa upande wa chanya, ghafla iko chini kabisa upande wa hasi. Ukiandika ∞ kwenye 90, anayetoka alasiri atakuuliza kwa nini si −∞, na hutakuwa na cha kumjibu.

Rafiki wa Binti
Shikamoo mama. Mimi ndiye ninayebishana naye. Hiyo ya kivuli cha mashariki imeniingia. Ila bado: kwa nini wataalamu wasikubaliane tu wachague namba? Waseme 1 kwa 0 ni 0, yaishe.

Mama Hesabu
Marahaba mwanangu. Jaribu uone kinachotokea. Kugawanya ni kurudisha kuzidisha: 6 kwa 2 ni 3 kwa sababu 3 mara 2 ni 6. Ukisema 1 kwa 0 ni 0, basi 0 mara 0 iwe 1. Chagua 7, basi 7 mara 0 iwe 1. Namba yoyote utakayoiweka hapo itavunja kuzidisha, na kila ulichokokotoa kwa kuzidisha kitakuwa na shaka.

Msafiri wa Moshi
Mama, mimi niliwahi kujaribu hicho kivuli, hakikuisha kabisa. Kilibaki kama ukungu chini ya mti.

Mama Hesabu
Ni kweli, na usilaumu hesabu. Jua lenyewe lina upana wa karibu nusu digrii machoni petu, kwa hiyo kingo za kivuli hufifia. Tena mti ukiinama kidogo tu, au ukikosea siku, kivuli kinabaki. Uwanjani unaikaribia 90, kwenye karatasi ndipo unaifikia.

Kijana wa Tengeru
Nakubali kuhusu upande wa pili. Ila kwenye jedwali ∞ ipo, na mwalimu wangu alikuwa anaipa alama. Mwanafunzi akiiandika akakosa, si ameonewa?

Mama Hesabu
Msahihishaji mmoja ataipokea, mwingine atakata. Siwezi kumsemea mtu nisiyemjua. Ninavyowafundisha wangu ni kuandika tan 90° = 1/0, halafu neno "haina thamani". Ukiishia kwenye ∞ bila kuonyesha hiyo 1/0, umemnyima sababu ya kukupa alama.

Fundi Paa
Nimeiweka Deg. Tan 45 imetoa 1, tan 90 imeandika Error. Nakwenda kurudia vipimo vya kenchi za leo.

Binti wa Sakina
Asanteni sana wote. Yeye ameshaanza kuuliza kuhusu tan 270, amesema tuanze na cos yake kwanza.