Gemu la daladala limezuiwa na Windows. Ni haki? Na nyie mngelifungua?

Kitunguu: Wakuu, nimepakua gemu la daladala kutoka itch.io, MB 84, kalitengeneza kijana mmoja peke yake. Nikilifungua linakuja dirisha la bluu, "Windows protected your PC", na kitufe kimoja tu, "Don't run". Nikibonyeza "More info" ndipo naona "Unknown publisher" na "Run anyway" imejitokeza. Je, ni haki kumfanyia hivi mtengenezaji mdogo? Na nyie mngelifungua?

Chuma cha Pua: Usifungue. Dirisha hilo maana yake kirusi kimeonekana. Halafu mtu aliyeshindwa hata kulipia sahihi ya faili lake, huyo hayuko makini, anajiburudisha tu. Fundi asiye na kibanda simu yako unampa ya nini?

Dada Pikseli: "Hayuko makini"? Mwaka wa nne huu natengeneza magemu. Cheti cha kusainia ni dola mia kadhaa kila mwaka, na tangu Juni 2023 ufunguo wake hauruhusiwi kukaa kwenye kompyuta yako, lazima uwe ndani ya kifaa maalumu au kwa kampuni inayokutunzia, nao wanalipwa. Gemu langu la mwisho limeuza nakala 31. Nielekeze hicho kibanda nijenge kwa pesa ipi.

Mchele Mmoja: Nakala 31, na 20 ni za shangazi zako.

Dada Pikseli: 22. Usipunguze ukoo wangu.

Mzee Kibodi: Chuma, umeanza vibaya. Dirisha la bluu halijasema limeona kirusi. SmartScreen, mlinzi wa Windows anayelitoa dirisha hilo, inajiuliza mambo mawili: faili hili wengine wameshalifungua bila balaa, na aliyelisaini anajulikana? Ikikosa majibu, inakusimamisha mlangoni. Kirusi kikitambuliwa hasa, Defender, kizuia virusi cha Windows, hulitia faili karantini na kukutajia jina la kirusi. "Sikujui" na "wewe mwizi" si kauli moja.

Shida ya Dada ni kwamba faili lisilo na sahihi hubeba sifa yake lenyewe. Likipakuliwa na watu wengi, onyo hupotea. Ijumaa akirekebisha kosa dogo na kutoa toleo jipya, kwa Windows hilo ni faili jingine, anaanza upya sifuri. Mwenye cheti sifa yake hushikwa na jina lake, huhama naye.

Chuma cha Pua: Basi asaini, hadithi iishe. Wenye cheti cha EV, kile cha uhakiki mkali zaidi, hupita papo hapo.

Mzee Kibodi: Walikuwa wanapita. Microsoft waliuondoa upendeleo huo 2024. Na sahihi inakwambia nani kasaini, haikwambii kaweka nini ndani. Kirusi cha Stuxnet cha 2010 kilikuwa na sahihi halali kabisa, kwa vyeti vilivyoibwa Realtek na JMicron.

Bwana Flashi: Mnabishana bure, mimi nina ushahidi. Gemu hilohilo nililipakua, nikalipeleka kwa jirani kwa flashi, likafunguka bila dirisha lolote. Kwa hiyo ni salama. Mbovu ni kompyuta ya Kitunguu, aweke Windows upya.

Mzee Kibodi: Flashi yako imefomatiwa kwa FAT32 au exFAT? Kivinjari kikishusha faili hulibandika lebo kwamba limetoka mtandaoni. Lebo hiyo inakaa kwenye diski zilizofomatiwa kwa NTFS, kama ya Windows yenyewe, ukipitia flashi za kawaida inadondoka, na SmartScreen haina cha kuuliza. Kitunguu, fungua PowerShell, lebo yako utaiona hivi:

```
Get-Content .\daladala.exe -Stream Zone.Identifier
```

Ukiona `ZoneId=3`, ndiyo hiyo. Kwa jirani haipo. Faili ni lilelile, hakuna kilichosafishwa.

Bwana Flashi: Flashi yangu ni orijino, GB 64, nina risiti.

Mchele Mmoja: GB 64 hizi za mtaani ukishatia GB 8, picha za harusi zinaanza kutoka nusu bibi harusi.

Bwana Flashi: Wewe ndiye umezoea vya kuokota. Nimesema nina risiti.

Chuma cha Pua: Hakuna aliyemgusa mwenye flashi. Tuseme risiti ipo, lebo haipo.

Kitunguu: Jamani, swali langu. Nimelipandisha VirusTotal, tovuti inayopima faili kwa vizuia virusi vingi kwa pamoja, injini 2 kati ya 71 zimepiga kelele.

Chuma cha Pua: SI NILISEMA. Mbili!

Mzee Kibodi: Zimesema nini hasa?

Kitunguu: Moja imeandika "Generic", nyingine ina herufi "ML".

Mzee Kibodi: Hayo ni makisio ya mashine. Magemu yaliyotengenezwa kwa programu ya Godot, yasiyo na sahihi, hupatwa na hilo mara kwa mara. Kama injini kadhaa zingekubaliana na kutaja jina moja, mfano Vidar au Lumma, ningekwambia futa hata usifikirie. Ila usinigeuzie maneno: hata 0 si cheti cha usafi. Faili la wizi lililopikwa leo asubuhi linaweza kuonyesha 0 mpaka jioni. Mimi hutazama zaidi njia lililonifikia.

Kitunguu: Nilitafuta mwenyewe. Ukurasa wake una habari za matoleo tangu 2023, watu wanalalamika kuhusu breki, na kuna toleo la kucheza ndani ya kivinjari.

Mzee Kibodi: Hiyo ni tofauti na mtu usiyemjua kukutumia ujumbe Discord, "mkuu nijaribie gemu langu", zipu ina nenosiri, na faili limejazwa upepo mpaka MB 700 kwa sababu VirusTotal inaishia 650. Ukilifungua linaonyesha "error", unadhani limegoma, kumbe vidakuzi vya kivinjari vimeshaondoka na akaunti zako. Wizi huo hauhitaji ruhusa ya admin, kwa hiyo usijifariji kwamba halikukuomba.

Dada Pikseli: Mimi huandika SHA-256 ya faili, namba zinazobadilika faili likiguswa, kwenye ukurasa wangu. Mtu analinganisha:

```
Get-FileHash .\daladala.zip
```

Chuma cha Pua: Na akaunti yako ikiibwa? Mwizi atabadilisha zipu aache namba zako?

Dada Pikseli: ...Hapo sina jibu. Labda niziweke na sehemu nyingine.

Chuma cha Pua: Asante. Na lile gemu la PirateFi, Februari 2025, lilikuwa Steam, duka kubwa kabisa, likabeba kirusi. Sembuse huyu wa chumbani.

Dada Pikseli: Kaka, unanisaidia mimi! Magemu yanayoshushwa na Steam hayabandikwi lebo ile, dirisha la bluu halitokei. Duka kubwa lilipitisha kirusi, mimi wa shangazi 22 ndiye nasimamishwa mlangoni.

Chuma cha Pua: Sikukusaidia. Nimesema wote ni hatari.

Bwana Flashi: Nimepiga picha ya risiti, naipandisha sasa hivi.

Mzee Kibodi: Kitunguu, mimi ningecheza kwanza toleo la kivinjari. Likinipendeza, ningefungua la kupakua kwenye akaunti ya Windows isiyo na barua pepe wala nywila zangu. Si ukuta, ni mlango wa pili. Hilo la haki mtalimaliza na Dada.

Kitunguu: Nimecheza la kivinjari. Tamu, breki kweli hazikamati. Ila daladala inapita upande wa kulia wa barabara.

Mchele Mmoja: Kulia? Huyo kijana ni wa wapi?

Chuma cha Pua: Imeandikwa hapo, "Unknown publisher".