Wageni saa saba, plate mbili

Zuhura: Jamani jumapili nina watu nane, tunakula saa 7 mchana. Mchuzi wa nyama, wali, mboga za majani, samaki wa kukaanga. Jiko langu plate mbili tu. Nifanyeje vyote vifike mezani vya moto, maana nikija kumaliza cha mwisho cha kwanza kishapoa

Hamisi: Rahisi tu dada, anza na kinachochukua muda mrefu malizia na cha haraka

Shangazi Rehema: Hamisi umepata nusu baba. Wali na samaki vyote vinakaribia dakika 25, utaanza na kipi?

Hamisi: Chochote 😅

Shangazi Rehema: Sio chochote. Usiangalie tu kinaiva kwa muda gani, angalia kikishaiva kinaweza kusubiri muda gani. Wali ukishakauka ukafunikwa vizuri unakaa nusu saa bado wa moto na tena unazidi kuchambuka. Samaki akikaa dakika kumi na tano ngozi ishalegea, na mboga ndo kabisa, inatoa maji inakuwa nyeusi. Kwahiyo wali kwanza

Wifi Pili: Mi samaki nawaweka kwenye hotpoti wakitoka tu kwenye mafuta, wanabaki moto sana

Shangazi Rehema: Moto sawa wifi, ila mvuke unabaki humo humo ndani unawalainisha, unafungua unakuta kama wamechemshwa. Hotpoti weka wali, na kabla hujaweka ijaze maji yaliyochemka dakika tano uyamwage, la sivyo ikiwa ya baridi yenyewe ndo inameza joto la chakula

Zuhura: Sasa shangazi nipangie kabisa na masaa

Shangazi Rehema: Hesabu kurudi nyuma toka saa 7 na uhesabu kwa plate sio kwa chakula. Plate ya kwanza ni ya nyama, iteleke saa 4 na nusu, ichemke taratibu mpaka saa 7 kasoro robo, ikiiva mapema punguza moto au zima uje uipashe, mchuzi hauharibiki kwa kusubiri. Plate ya pili wali saa 6 na dakika 5, 6 na nusu unautoa unaufunika na taulo nene. Hapo hapo kikaango kinapanda, samaki awamu tatu, mpaka saa 7 kasoro dakika 5. Nyama ikitoka kasoro robo plate yake inapokea mboga, ambayo ushaikata na kuiosha asubuhi, kitunguu kikilainika tu unaitia, dakika tano imeisha

Zuhura: Samaki wote si niwapange mara moja niokoe muda?

Shangazi Rehema: Hapana mama. Ukijaza, mafuta yanapoa. Sikiliza sauti, yakinyamaza ujue samaki wanakunywa mafuta badala ya kukaangika. Na wakitoka wapange kwenye waya upepo upite chini, usiwalundike

Wifi Pili: Na mchuzi ukiupasha usidanganywe na povu la pembeni, koroga toka chini mpaka katikati nako kutokote. Mara nyingi juu kunafuka na ndani vipande vya nyama ni vuguvugu

Shangazi Rehema: Hapo wifi uko sawa kabisa

Mjomba Salum: Mbona mnahangaika, pikeni usiku mpashe asubuhi

Hamisi: Mjomba tunaongelea vitoke pamoja, sio viporo 😂

Mjomba Salum: Nyama nayo kiporo? Nyama ya jana ndo tamu

Shangazi Rehema: Kwa nyama nakubali, na inamwachia Zuhura plate nzima asubuhi. Ila ipoe upesi iingie frijini, isilale juu ya jiko. Wali wa jana kwa wageni hapana

Zuhura: Na wakichelewa? Wa kwetu mnawajua

Shangazi Rehema: Mboga na samaki visiguse moto mpaka uwaone mlangoni. Samaki ashatiwa chumvi na ndimu anakaa frijini, mboga mbichi kwenye ungo. Wakiwa wananawa na kusalimiana wewe unakaanga. Wali na mchuzi ndo vinakusubiria

Mjomba Salum: Haya mimi nina jiko la mkaa moja tu, hapo unasemaje

Shangazi Rehema: Nyama kwanza, itoe ikiwa inatokota kabisa uizungushie blanketi sufuria na kifuniko chake, saa nzima bado ya moto. Halafu wali. Kisha samaki, mwisho mboga

Wifi Pili: Mi ningeanza mboga kisha samaki, samaki akipoa kidogo analika lakini hana tena ule ukavu

Shangazi Rehema: Mboga ikisubiri dakika 20 nani ataila wifi

Wifi Pili: Kwangu wanakula 😂

Mjomba Salum: Sasa nifuate nani

Hamisi: Mjomba wewe acha samaki tu