Mpango wa uuguzi umekamatwa na kikaguzi: tupeane uzoefu

DadaUmoja: Nimetoka kwa mhadhiri mikono ikitetemeka. Mpango wangu wa mgonjwa wa nimonia umerudi na alama mbili: kufanana 58%, akili unde 71%. Niliuandika kwa kalamu nikiwa zamu ya usiku, ndipo nikauchapa. Kilichopakwa rangi ni "Impaired gas exchange related to..." na "as evidenced by...", lugha ya NANDA, ile orodha rasmi ya utambuzi wa kiuguzi, tuliyofundishwa kuiandika vivyo hivyo! Nikaeleza kwa maneno yangu, kwamba mapafu hayabadilishani hewa vizuri. Rangi ikapungua, lakini msimamizi wa wadi akanikata alama: huo si utambuzi wa kiuguzi. Kikao ni Alhamisi.

Wadi4: Yalinikuta hayo. Pole sana.

KaraniWaViapo: Kwetu kila kiapo huanza "THAT I am an adult of sound mind". Kijana wa atashimenti alikipitisha kimoja kwenye kikaguzi, akaambiwa kimeandikwa na mashine. Kiapo chenyewe ni cha 1998, karatasi imeshageuka rangi!

Wadi4: 1998?! Wakili alisemaje?

Mjanja_Rongai: Tumia programu ya kubadilisha maneno, imeisha hiyo.

SistaMkubwa: Usimpoteze mtoto wa watu! Mwenzangu alifanya hivyo, "retained secretions" ikarudi "kept secrets". Mgonjwa ana makohozi, wewe unaandika siri.

Mjanja_Rongai: Si angesoma kabla ya kutuma?

MkufunziMstaafu: Mwanangu, zitenganishe hizo alama. 58% ni maneno yanayolingana na maandishi mengine, pamoja na vichwa vya fomu mnayojaza darasa zima. Mwombe mhadhiri aondoe marejeo na milingano mifupi, muone kinachobaki. 71% ni makisio: maneno yanayotabirika sana huonekana ya mashine, na sentensi ya NANDA imekusudiwa itabirike ili nesi wa zamu ijayo asibahatishe. OpenAI wenyewe walikifunga kikaguzi chao 2023 kwa usahihi mdogo. Utambuzi uache ulivyo. Kwenye tathmini uliandikaje?

DadaUmoja: "Breathing improved."

MkufunziMstaafu: Hapo mgonjwa wako haonekani. Oksijeni ilikuwa ngapi?

DadaUmoja: Saa nne usiku SpO2 86%, pumzi 32 kwa dakika. Nilimwegemeza nusu wima, akawekewa oksijeni kama ilivyoagizwa. Saa sita ilikuwa 93%, pumzi 26.

MkufunziMstaafu: Basi andika hayo, na saa zake.

Wadi4: Kumbe ukiweka namba alama inashuka!

MkufunziMstaafu: Huenda isishuke hata kidogo. Namba ni za mhadhiri, aone ulikuwa kitandani pa mgonjwa. Siku ya kikao beba daftari la kalamu, na kama ulichapa kwa Google Docs, mfungulie "Version history".

SistaMkubwa: Wengine hawaangalii hayo. Wangu ikipita 20% anarudisha, hasikii la mtu.

DadaUmoja: Nilichapa saiba, hakuna historia. Daftari nililiacha kwenye droo ya wadi. Nalifuata kesho kabla zamu haijabadilishwa.