Moduli pande zote mbili: niskwee au nigawe hali?

Mwl_Mbagala
Wakuu, naomba ushauri. Jumamosi nina vijana tisa wa kidato cha tano, PCM, na muda wa kufundisha ni saa mbili tu. Mada ni maswali ya moduli yenye x kulia na kushoto, yale ya "ndogo kuliko" na "kubwa kuliko". Kuskwea ni haraka, kugawa hali kunakula muda. Kama ni njia moja tu, nichukue ipi?

KijanaTabata
Skwea tu mkuu. Ukiskwea, moduli inaondoka yenyewe kwa sababu skwea haiwi hasi. Mimi nimetoka nayo mpaka kidato cha sita.

BintiKigamboni
Mwalimu, mbona hujasema upande wa kulia una nini? |2x − 1| < |x + 4| ni swali moja, |x − 3| < 2x ni jingine kabisa.

Mwl_Mbagala
Ni kweli dada, nilisahau. Karatasi niliyoandaa ina yote mawili.

BintiKigamboni
Basi la kwanza skwea bila wasiwasi, pande zote mbili haziwezi kuwa hasi. Na usifungue mabano. Hamishia kila kitu kushoto, kisha tumia tofauti ya skwea mbili:

(2x − 1 − x − 4)(2x − 1 + x + 4) < 0
(x − 5)(3x + 3) < 0

Jibu ni −1 < x < 5. Mistari miwili umemaliza. La pili ndilo lenye mtego, maana 2x inaweza kuwa hasi.

Baba_Wawili
Shikamooni walimu. Wanangu wako darasa la sita, twisheni hiyo unatoza kiasi gani kwa mwezi?

Mwl_Mbagala
Mzee wangu marahaba, hii ni ya kidato cha tano. Nitakutumia ujumbe pembeni.

Mzee_wa_Kimara
Hilo la pili limeniumiza mwenyewe, hadi leo naliona. Ulikuwa mtihani wa majaribio, kidato cha sita. |x − 3| < 2x, nikaskwea: (x − 3)² < 4x². Nikapanga vizuri, nikapata (x + 3)(x − 1) > 0, nikaandika x < −3 au x > 1, nikapiga mstari chini kwa rula. Karatasi ilivyorudi, pembeni ya jibu mwalimu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu "x = −4?" basi, hakuna neno jingine. Nikaweka −4. Kushoto 7, kulia −8. Saba ndogo kuliko hasi nane! Nilikaa nikiitazama ile saba. Hesabu zangu zote zilikuwa sahihi, kosa lilikuwa mstari wa kwanza kabisa: niliposkwea, −8 iligeuka 64, na 49 kweli ni ndogo kuliko 64. Jibu lilikuwa x > 1 peke yake.

KijanaTabata
Sawa, lakini hapo dawa ni ndogo. Ukimaliza, jaribu namba moja kila kipande, kisichofaa kitupe. Skwea bado inashinda.

BintiKigamboni
Kaka, kwenye "ndogo kuliko" hiyo inafanya kazi, kwa sababu skwea inaongeza vipande vya uongo na unaweza kuvitupa. Geuza alama uone: |x − 3| > 2x. Ukiskwea unapata −3 < x < 1. Jaribu 0, inafaa. Utaridhika, utafunga daftari. Lakini −10 nayo inafaa, 13 ni kubwa kuliko −20. Jibu kamili ni x < 1. Ukikagua ndani ya jibu lako tu, hutajua umepoteza nini. Kwa hiyo kabla ya kuskwea, tenga kwanza: 2x ikiwa hasi, x zote hizo zinaingia, 2x ikiwa sifuri au zaidi, ndipo skwea.

KijanaTabata
Hapo sasa si umeshagawa hali?

BintiKigamboni
Ndiyo, nimegawa. Ila nimegawa upande wa kulia, si ndani ya moduli.

Mzee_wa_Kimara
Kugawa nako kuna majeraha yake. Vijana wanapata x ≥ 3 kwenye hali moja na 1 < x < 3 kwenye nyingine, halafu wanatafuta panapokutana badala ya kuunganisha. Wanaandika "hakuna jibu". Ndani ya hali moja unakutanisha, kati ya hali na hali unaunganisha. Hilo peke yake linataka nusu saa ubaoni.

Mwl_Mbagala
Nusu saa sina. Nimeanza kufikiria kuweka −4 ya mzee ubaoni kabla ya njia yoyote. Ila kuna |x² − 4| < 3x ukurasa wa pili, hiyo nayo mnaifanyaje?

KijanaTabata
Skwea.

BintiKigamboni
x lazima iwe chanya kwanza. Halafu niambie una mpango gani na mabano manne, kaka.