Mrejesho: ile sarafu ya mwaka 1780

Niliuliza: "Sarafu kubwa nyeupe kutoka kasha la marehemu bibi, ina mama mnene na 1780. Picha nimeifuta, kitambulisho changu kilionekana pembeni. Ni ya wapi?"

Jamani, ahsanteni. Nimeipeleka kwa sonara Mji wa Kale, kwenye mizani yake imesoma gramu 27.9. Yule mama amezungukwa na M. THERESIA, chini yake S.F.; upande wa pili ni tai wa vichwa viwili. Ni reale ya Maria Theresa, ya Austria, ambayo uzito wake halisi ni gramu 28.07.

Nilihofia ni ya bandia; kilichonituliza ni ukingo. Nimeuzungusha polepole juani: herufi zimeinuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA, na hakuna mstari wa kuungia kama wa zile za kumiminwa kwenye kalibu. Kisha sonara akaining'iniza kwa uzi ndani ya gilasi ya maji juu ya mizani, mizani ikaongezeka gramu 2.76, ndio uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu. Ukigawa 27.9 kwa hiyo unapata 10.1, yaani ni nzito kama mara 10 ya maji, sawa na fedha iliyochanganywa shaba kidogo.

Mwaka ndio usiwadanganye. Ziliendelea kupigwa na 1780 ileile hadi karne ya 20, kwa hiyo ya bibi huenda ni ya juzijuzi tu. Siiuzi.